Mifuko 15 ya sukari: barua kwa binti yangu anayefungua duka

Mwanangu,

Juzi uliponipigia kunieleza kuwa umepata fremu, nilifurahi mno. Ukaniomba niwaandikie wewe na wenzako wa kikoba kisa chetu cha sukari chote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila ukikisimulia wanakuuliza hesabu na wewe huzikumbuki. Nimekaa usiku tatu na madaftari yetu. Sikutaja mji, mtaa wala jina la mtu, kwa hiyo wasomee bila wasiwasi. Hesabu ni zile zile zilizomo kwenye madaftari.

Sikuandiki ili nikulaumu. Tulishalia pamoja, yakaisha. Nakuandikia kwa sababu kwenye fremu mpya utakaa peke yako kaunta, na yule mwenye mali ya bei ya leo tu lazima atakuja.

Duka lilivyokuwa

Duka letu unalijua, lakini wenzako hawalijui. Ni la rejareja, mlango mmoja, na stoo ndogo kwa nyuma. Tunauza unga wa sembe, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, chumvi, majani ya chai, mkate, viberiti na vocha. Mwanzoni mwa 2024, fedha yote iliyokuwa inazunguka, yaani mali iliyo kwenye rafu pamoja na fedha ya kununulia mali nyingine, ilikuwa kama milioni 4. Kwa siku tulikuwa tunauza kwa wastani shilingi 230,000. Kati ya hizo, sukari ilileta kama 40,000 na vitu vingine 190,000. Faida kabla ya kutoa pango, umeme na mengine ilikuwa kama shilingi 12 kwa kila 100 ya mauzo. Kwenye sukari ilikuwa chini zaidi.

Hapo kwenye sukari naomba utulie. Wakati bei ni ya kawaida tulinunua mfuko wa kilo 50 kwa 130,000, yaani 2,600 kwa kilo, tukauza 2,800. Ukizidisha, faida ni 10,000 kwa mfuko. Lakini mfuko wa kilo 50 ukiupima robo robo na nusu nusu hautoi kilo 50. Kila unapoweka kijiko cha ziada ili mshale wa mizani ulale vizuri, umetoa gramu kadhaa, na nyingine zinabaki kwenye kona za mfuko. Kwetu upungufu ni kama robo tatu ya kilo kwa mfuko. Hiyo ni zaidi ya 2,000 imetoka. Kwa hiyo mfuko mzima wa sukari, pamoja na kuubeba na kuupima, unatuachia chini ya 8,000.

Sasa kwa nini niliiuza miaka yote hiyo? Mwaka mmoja nilifanya zoezi dogo. Kwa mwezi mmoja, kila mteja wa sukari nilimpigia mstari kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, na kama alichukua kitu kingine nikaukata ule mstari. Katika kila mistari 10, 7 ilikuwa imekatwa. Anayekuja kuchukua nusu kilo ya sukari anabeba majani ya chai, au mkate, au unga wa ngano wa chapati, na akikumbuka sabuni anachukua na sabuni. Sukari ndiyo inayomtoa mtu nyumbani. Akifika ndipo duka linapouza. Ukurasa huo ulikuwapo siku ile ulipoamua. Sikukuonyesha, na hilo nitalirudia.

Mambo yalivyotokea

Mwisho wa 2023 mvua za El Nino zilijaza maji mashamba ya miwa. Miwa ikashindikana kuvunwa, viwanda vikapunguza uzalishaji na vingine vikasimama. Januari 2024 sukari ikaanza kuwa shida nchini. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa, na serikali ikaruhusu sukari ya nje iingie. Lakini kutangaza bei ni jambo moja na mfuko kufika dukani ni jingine. Kwetu kilo ilifika 4,500, na kuna siku hata kwa bei hiyo hukuipata.

Tarehe 5 Februari nilisafiri kwenda kumuuguza bibi yako. Nilidhani ni wiki mbili, ikawa wiki sita. Nikakuachia funguo, laini ya simu ya duka na fedha ya kununulia mali 1,400,000. Ndani ya hiyo kulikuwa na 300,000 ya pango la miezi mitatu. Nilikwambia kwa mdomo tu, nikiwa nimeshika mlango wa bajaji na kichwa chote kipo kwa mgonjwa.

Tarehe 14 Februari akaja kijana mmoja na habari za mifuko 15. Bei yake 195,000 kwa mfuko, yaani 3,900 kwa kilo, na akasema kuna mtu mwingine anaisubiri, hivyo ujibu kabla ya jioni. Ukapiga hesabu kwenye boksi la viberiti. Kilo 750, Ramadhani inakuja wiki ya pili ya Machi, kilo itafika 5,000, hiyo ni 3,750,000. Toa 2,925,000 ya kununulia, inabaki faida ya 825,000. Boksi hilo ninalo mpaka leo. Hesabu yenyewe haina kosa hata moja la kujumlisha.

Fedha ukaipata hivi: 1,400,000 yote niliyokuachia, pango likiwa ndani yake, mkopo wa kikoba 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10, na 525,000 iliyobaki ukaipata kwa kuchukua mali kauli kwa yule muuza jumla wetu. Ulichukua sabuni na mafuta kwake bila kulipa, ukauza haraka kwa bei ile ile uliyochukulia ili upate fedha taslimu, na deni likabaki kwake. Ukalipa na guta 20,000. Jioni ile mifuko 15 ilikuwa stoo.

Ulianza kuuza kwa 4,500 lakini kwa kubana. Mteja unayemfahamu, nusu kilo. Usiyemfahamu, sukari imekwisha. Ulitaka iliyo nyingi isubiri Ramadhani. Mifuko 3 ikatoka hivyo. Ndipo lilipotokea lile la mtoto wa jirani, ambalo mimi liliniuma kuliko fedha. Alitumwa robo kilo, ana 1,000 yake na sarafu mkononi, ukamwambia hakuna. Akasimama pale kaunta anatazama chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto asiye na ubaya wowote, mbona sisimizi wanatoka kule ndani na punje za sukari. Msururu ulikuwa umepita chini ya mlango wa stoo, ukazunguka mguu wa kaunta, ukatokea barazani. Kila mmoja ana punje nyeupe. Mama yake alisikia habari hiyo jioni ile ile.

Wakati huo huo rafu zikaanza kuwa na nafasi. Sembe ikaisha, hukuwa na fedha ya kununulia nyingine. Mafuta ya kupima yakaisha. Mtu akija kwa unga anakuta chumvi na viberiti. Kisha maafisa wakapita mtaani kukagua bei za sukari, ukafunga duka siku nzima.

Mwanzoni mwa Machi sukari ya nje ikafika kwa wauza jumla wa mjini. Kilo ikashuka 4,000, baada ya siku chache 3,500, Ramadhani inaanza ipo 3,200. Wewe ukaacha kuuza kabisa. Ulisema huwezi kuuza chini ya bei uliyonunulia, na kwamba itapanda tena ikikaribia Idi. Masika nayo ikaanza, na lile bati la kona ya stoo linavuja. Mfuko mmoja uliokuwa chini, umekaa kwenye sakafu bila chaga, ukanywa maji.

Nilirudi tarehe 18 Machi, siku ya 33 tangu uinunue. Nikakuta mifuko 12, mmoja umekuwa jiwe.

Tulivyoamua niliporudi, na sababu zake

Usiku ule hatukugombana. Tuliwasha taa ya kaunta, tukatoa madaftari. Na hapa nakusifu kwa jambo moja lililotuokoa: siku zote 33 uliandika mauzo ya kila siku. Hukuandika kilichouzwa, uliandika jumla tu, "mauzo 118,500", "mauzo 124,000", lakini uliandika hata siku ulizojua mama akiona atasononeka. Bila namba zile tungekaa tunabishana kwa hisia.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuhusu mifuko 11 mizima. Wewe ulitaka tusubiri Idi. Mimi nilitaka tuuze kesho yake asubuhi kwa 3,000, chini ya bei ya majirani, tukubali hasara. Nikakuchorea hivi. Mfuko mmoja ukiuzwa 3,000 kwa kilo unatupa kama 150,000. Hiyo inanunua mifuko 5 ya sembe ya kilo 25, kila mmoja 30,000. Sembe tunaiuza 1,350 kwa kilo, kwa hiyo kila mfuko unaacha 3,750, na mitano 18,750. Kwa jinsi rafu ilivyokuwa tupu na watu wanavyouliza unga, mifuko 5 inaisha ndani ya wiki, na fedha ile ile inarudi kununua mingine. Kwa wiki 4 ni 75,000. Sasa ili mfuko wa sukari uliolala stoo ulete 75,000 hizo, kila kilo lazima ipande 1,500, yaani itoke 3,000 ifike 4,500 ndani ya mwezi, wakati malori ya sukari ya nje yanaendelea kuingia. Ulinyamaza kidogo, kisha ukauliza kama sembe inaweza kumeza fedha ya mifuko yote 11. Haiwezi, na ulikuwa sahihi kuuliza. Tukaigawa: sembe, mafuta, mchele, sabuni. Lakini hoja ilibaki pale pale, kwamba ile bei uliyonunulia haipo tena, hakuna anayeijua ila sisi, na mteja halipi kwa sababu wewe ulilipa.

Uamuzi wa pili ni muuza jumla. Alikuwa amepiga simu mara nyingi na wewe umeacha kupokea. Tulikwenda wote wawili asubuhi, tukabeba daftari la mauzo, tukamfungulia ukurasa. Tukamwomba tulipe 75,000 kila Jumamosi kwa wiki 7. Alitazama namba kwa muda mrefu, akakubali, ila akasema mali kauli imesimama mpaka deni liishe. Sikumlaumu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mdogo. Mfuko uliokuwa jiwe tuliupondaponda, tukampelekea mama wa maandazi, tukamwambia wazi kuwa uliingia maji. Tukamuuzia 100,000.

Matokeo kwa hesabu

Mifuko 3 ya mwanzo ilipimwa kilo 148, kwa 4,500 ikaleta 666,000. Mfuko mbovu 100,000. Mifuko 11 ikatoa kilo 541, kwa 3,000 ikaleta 1,623,000, nayo iliisha ndani ya siku 19, kwa sababu tuliuzia na genge na mama ntilie wawili. Jumla ni 2,389,000. Ulinunua kwa 2,925,000. Pengo ni 536,000. Ongeza riba ya kikoba 100,000 na guta 20,000, inakuwa 656,000.

Wengi wanaishia hapo kuhesabu. Sisi tulikuwa na daftari, tukaendelea. Mauzo ya vitu vingine, ukiacha sukari, yalikuwa 190,000 kwa siku kabla ya hapo, na katika zile siku 33, tukitoa zile 666,000 za sukari kwenye jumla ulizoandika, yalishuka mpaka wastani wa 120,000. Hizo 70,000 kwa siku 33 ni 2,310,000 ya mauzo yaliyokwenda kwa jirani. Kwa faida yetu ya 12 kwa 100, ni 277,200. Kwa hiyo sukari ile ilitugharimu 933,200, na karibu theluthi ya hiyo haikuonekana kwenye sukari yenyewe. Ilitoka kwenye unga ambao hatukuwa nao.

Pango tulichelewa mwezi mmoja na nusu. Mwenye nyumba alituvumilia baada ya maneno. Deni la muuza jumla liliisha wiki ya 7 kama tulivyoahidi, la kikoba mwezi wa sita. Mauzo ya siku yalirudi 220,000 mwezi wa saba. Mama wa yule mtoto alirudi kununua unga na sabuni. Sukari mpaka leo anachukua duka la pili.

Uchambuzi: tulipokosea

Watu wakisikia kisa hiki husema tatizo lilikuwa tamaa. Mimi sioni hivyo, na sitaki ulibebe hivyo. Ulitaka nikirudi nikukute umefanya jambo. Tatizo lilikuwa swali moja ambalo boksi la viberiti halikuuliza: mifuko 15 itatoka kwa siku ngapi?

Jibu lilikuwa kwenye daftari la manunuzi. Siku za kawaida tunauza mifuko 2 kwa wiki. Ramadhani ya 2022 na ya 2023, nimeangalia tena jana, tuliuza 3 kwa wiki, kwa sababu ya uji na vinywaji vya futari. Kwa kasi ya Ramadhani mifuko 15 ni wiki 5. Kwa kasi ya kawaida ni wiki 7 na nusu. Na bei ikiwa juu kasi hushuka, maana aliyekuwa anachukua kilo anachukua robo, na chai ya pili ya nyumbani inafutwa. Kwa hiyo ulikuwa unaweka dau kwamba sukari itabaki adimu nchi nzima kwa zaidi ya mwezi, wakati redio ilishasema ya nje imeruhusiwa. Mali adimu kwa duka la kwetu ni ile unayoweza kuimaliza kabla wengine hawajaipata. Kama ungenunua mifuko 2, au hata 3, kwa bei ile ile ya 3,900, ungeimaliza kwa 4,500 ndani ya wiki mbili, na ile 3 uliyoiuza inathibitisha hivyo. Wazo lako halikuwa baya. Ukubwa wake ndio uliotuumiza.

Kosa la pili ni mahali fedha ilipotoka. Fedha ya kununulia unga ilikuwa na kazi yake kila siku na ilikuwa inaifanya. Ukiitoa pale, hujatumia fedha iliyolala, umemtoa mfanyakazi kazini. Na mkopo wa kikoba nao una tarehe zake. Sukari inaweza kusubiri bei, riba haisubiri. Mali unayopanga kuilaza usiinunue kwa fedha yenye tarehe.

Kosa la tatu ni langu, na nimelifikiria sana. Miaka yote mimi ndiye niliyeandika na mimi ndiye niliyesoma. Wewe nilikufundisha kujaza, sikukufundisha kufungua nyuma na kuuliza. Ule ukurasa wa mistari, uwiano wa mifuko kwa wiki, vyote nilikuwa navyo kichwani, nikaondoka navyo kwenda kwa bibi yako. Daftari linalosomeka na mtu mmoja ni kumbukumbu ya mtu huyo tu. Pango nalo nililichanganya na fedha ya mali kwenye laini moja ya simu, halafu nikashangaa limekwenda. Sikukuwekea hata kikomo, kwamba usinunue kitu kimoja kwa zaidi ya kiasi fulani bila kunipigia. Nilikuwa napokea simu, hata wodini.

Na kuficha mali. Hilo mwanangu sitalipigia hesabu. Ulimwambia mtoto hakuna, na ipo.

Kilichotusaidia

Namba 33 za mauzo, nimeshazitaja. Zilifanya kazi mbili. Zilituonyesha hasara iliyojificha kwenye rafu tupu, na zilitufungulia mlango wa muuza jumla. Yule bwana hakukubali kwa huruma. Aliona duka ambalo hata likiwa limeyumba linauza 120,000 kwa siku, akajua 75,000 kwa wiki inawezekana. Ungemwambia kwa mdomo angesema kila mdaiwa husema hivyo.

Cha pili ni kukubali hasara mapema. Zile siku 19 zilikuwa chungu, kila kilo unaipima unajua umepoteza 900. Lakini bei haikurudi. Idi ilipofika jirani zetu walikuwa wanauza 3,000, nasi tulishamaliza na rafu imejaa.

Nisikufiche jambo moja, maana wenzako wataniuliza kama napinga kununua kwa kuvizia msimu. Sipingi. Kila mwisho wa Desemba nanunua madaftari ya shule na kalamu kwa wingi kuliko kawaida, na Januari nauza haraka kwa faida nzuri. Tofauti ni kwamba najua mwaka jana niliuza madazeni mangapi, wiki ya kwanza mangapi na ya pili mangapi, na yaliyobaki hayaozi wala hayanywi maji kirahisi, yanauzwa mwaka mzima. Nanunua pungufu kidogo ya niliyouza mwaka uliopita. Miaka mingine yananiishia mapema na wateja wawili watatu nawakosa. Nimekubali kuwakosa.

Pia daftari lina mwisho wake. Halikuweza kutuambia malori ya sukari yatafika lini. Lilichoweza ni kutuambia sisi tunauza kiasi gani kwa wiki, na kwa uamuzi ule hilo lingetosha.

Kwenye fremu yako

Anza na madaftari matatu, usiongeze la nne. La mauzo: siku za kazi nyingi andika jumla, lakini vitu vitano vikubwa, yaani sembe, mchele, sukari, mafuta na sabuni, kila kimoja kiwe na safu yake. Piga mstari kila unapouza, jioni unahesabu mistari. La manunuzi: tarehe, kitu, idadi, bei, na safu moja ya mwisho unayoiacha wazi mpaka mali iishe, ndipo unaandika tarehe iliyoisha. Safu hiyo ndiyo itakayokujibu swali la siku ngapi. La madeni: wanaokudai kushoto, unaowadai kulia. Usiwaweke ukurasa mmoja na mauzo, utajiona tajiri.

Kila Jumapili jioni, kabla hujafunga, fungua la manunuzi, tazama vitu ambavyo safu ya mwisho bado iko wazi kwa zaidi ya wiki 3. Hivyo usivinunue wiki hiyo, hata vikiwa rahisi kiasi gani. Miezi mitatu ya kwanza itakuwa na mashimo, utasahau siku, utaandika vibaya. Siku uliyosahau iache tupu, usiibuni. Namba ya kubuni itakudanganya mwakani ukiwa umeshasahau kuwa uliibuni.

Pango liwe kwenye laini nyingine kabisa. Stoo iwe na chaga kabla ya mfuko wa kwanza kuingia, na uliangalie bati mvua ikinyesha, siyo jua likiwaka.

Na akija mtu na mali inayotakiwa kujibiwa kabla ya jioni, mwambie asubiri unafungua daftari. Tazama kwa wiki unauza ngapi, nunua ya wiki mbili, lipa kwa fedha ambayo haina kazi nyingine. Akisema ni yote au basi, basi.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la Alhamisi. Kuna madaftari matatu mapya, rula, kalamu mbili za wino mweusi, na daftari letu la 2024. Februari na Machi ni mwandiko wako, kuanzia tarehe 18 ni wangu. Boksi la viberiti nimelibana katikati, kwenye ukurasa wa tarehe 14.

Mama yako